Mistari Miwili Chini ya Kichwa

Ukitafuta jambo Google, chini ya kila kichwa cha habari kuna mistari miwili hivi ya maelezo. Watu wengi huipitishia macho tu. Mimi huisoma kwa makini, kwa sababu nyuma ya mistari hiyo kuna fundi aliyeamua neno lipi litangulie na lipi liachwe, akijua kwamba hata baada ya kazi yote hiyo maneno yake yanaweza yasionyeshwe.

Chukua ukurasa wa kumfundisha mkulima kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Mwandishi wa pupa angeandika: “Karibu kwenye tovuti yetu ya kilimo bora ambapo tunakuletea taarifa mbalimbali zinazohusu mazao, uhifadhi, masoko na mengine mengi…” Nafasi inakwisha na mahindi hayajatajwa. Mhariri mmoja ninayempenda kwa kazi yake aliandika hivi:

```html
<meta name="description" content="Hifadhi mahindi bila dawa: yakaushe hadi unyevu 13%, yajaze kwenye mfuko wa tabaka tatu, funga kila tabaka peke yake, na dumuzi watakufa kwa kukosa hewa.">
```

Hizo ni herufi 153, ukihesabu na nafasi. Wengi wamekariri kwamba mwisho ni 155 au 160, lakini Google haikuweka kikomo cha herufi. Unaweza kuandika hata aya nzima, nayo itakatwa pale upana wa kioo unapokwisha. Kinachopimwa ni pikseli. Kwa vipimo vya wanaofuatilia mambo haya, maelezo hukomea karibu pikseli 920 kwenye kompyuta na karibu 680 kwenye simu. Katika fonti ya Arial, herufi m ni pana karibu mara nne ya i, kwa hiyo sentensi mbili zenye herufi sawa kwa idadi zinaweza kukatwa mahali tofauti. Sentensi yenye m na w kila kona hukijaza kioo mapema. Na ukurasa ukionyeshwa pamoja na tarehe yake, tarehe hiyo nayo hula sehemu ya nafasi.

Tena kipimo chenyewe hubadilika. Mwishoni mwa 2017 Google ilirefusha maelezo hayo hadi karibu herufi 320, na watu wakakesha wakiandika upya kurasa zao. Kufika Mei 2018 yalikuwa yamefupishwa tena. Aliyekuwa ameweka jambo lake kuu mwanzoni hakupoteza kitu. Ndiyo maana navutiwa na sentensi ile ya mahindi: ikatwe baada ya “13%” au baada ya “tabaka tatu”, kilichobaki bado kina faida kwa mkulima.

Sasa kuna hili la kuandikiwa upya, linalowaudhi waandishi wengi. Mtu akitafuta “kuhifadhi mahindi bila dawa”, huenda akaiona sentensi ya mhariri kama ilivyo. Mwingine akiuliza “mfuko wa mahindi unatumika mara ngapi”, maelezo yale hayana jibu. Google huyaweka kando, huingia katika matini ya ukurasa na kuchota sentensi inayokaribia swali, kisha huyakoleza maneno yanayolingana na yaliyoulizwa. Ukurasa ni uleule, lakini kila swali linaweza kupewa maelezo yake. Hufanya hivyo pia pale maelezo ya mwandishi yanapokuwa rundo la maneno ya kutafutia, au sentensi moja iliyonakiliwa katika kila ukurasa wa tovuti. Sioni dhuluma hapo. Aliyeuliza ndiye mwenye haki ya kujibiwa.

Ustadi wa mhariri yule niliuona zaidi ndani ya makala yenyewe. Sehemu ya matumizi ya mfuko ilikuwa inaanza hivi: “Unaweza kuutumia tena ikiwa hauna tundu.” Sentensi hiyo ikichotwa peke yake, msomaji hajui kinachozungumziwa ni nini. Akaigeuza: “Mfuko wa kuhifadhia mahindi unaweza kutumika msimu zaidi ya mmoja, mradi tabaka zake za ndani hazijatoboka.” Sasa inajitegemea popote itakapopelekwa. Maneno yasiyofaa kuchotwa, kama tangazo la haki miliki, aliyazungushia `data-nosnippet` ili yasionyeshwe kamwe.

Kisha hufungua Search Console, huangalia watu waliufikia ukurasa kwa maneno gani, na huyaandika maneno hayohayo mwenyewe katika Google, kwenye simu na kwenye kompyuta, akisoma kilichotokea. Maelezo yake yakiachwa kwa swali la pembeni, hayagusi. Yakiachwa kwa swali lilelile ambalo ukurasa uliandikwa kulijibu, hapo hurudi kwenye sentensi yake na kuiandika upya.