Dakika sita na sekunde arobaini na tano

Shafti ya kinu cha posho haivunjiki ghafla. Kwanza beringi huanza kulia, kisha ukanda huanza kuyumba, na mwisho sehemu ya shafti inayokaa ndani ya beringi huwa imelika hata beringi mpya ikivishwa inacheza. Rapsu, kusini mwa Kaunti ya Isiolo karibu na Mbuga ya Kitaifa ya Meru, watu wanalima kwa umwagiliaji, na mahindi hayangoji. Kinu kikisimama, shafti inang'olewa, inapakiwa garini, inapitishwa Kinna na Kulamawe hadi kwenye karakana mjini, kwa fundi wa mashine ya kukereza. Mwenye kinu akishaiweka mezani huuliza mambo mawili: bei gani, na itakuwa tayari saa ngapi.

Swali la pili ndilo linalonifanya niwaheshimu mafundi wa kazi hii. Fundi mzuri hakisii. Anamwambia, "Mzee, kaa kidogo nipige hesabu," anachukua kipande cha chaki, na kabla mashine haijawashwa anajua kisu kitatumia dakika ngapi na sekunde ngapi kupita mara moja juu ya chuma.

Kazi yenyewe ni hii. Shafti ya zamani imelika mno, kwa hiyo inatengenezwa mpya kwa pao la chuma laini lenye kipenyo cha milimita 50. Upande mmoja, kwa urefu wa milimita 240, lazima upunguzwe hadi milimita 40, ili uvae beringi namba 6208, ambayo tundu lake ni milimita 40, na baada yake puli. Penye mwisho wa milimita hizo 240 panabaki bega, na beringi husukumwa hadi ikalie bega hilo.

Muda wa kisu kupita mara moja unapatikana hivi:

t = L ÷ (f × n)

L ni safari ya kisu kwa milimita, f ni hatua ya kisu kwa kila mzunguko mmoja wa chuma, na n ni mizunguko ya chuma kwa dakika. Kwanza f inazidishwa na n, tunapata milimita ambazo kisu kinasafiri kwa dakika moja. Kisha safari inagawanywa kwa mwendo huo. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kugawanya hivyo. Ufundi uko katika kujua kila namba inachukuliwa wapi, kwa sababu zote tatu zinaweza kukudanganya.

Anza na L. Mchoro unasema 240, lakini kisu hakianzi safari kikiwa kimegusa chuma. Kikianza kikiwa kimegusa, kinauma kabla mwendo haujatulia, na ncha inaweza kumeguka. Kwa hiyo fundi anakirudisha nyuma milimita 3, hewani, mbele ya uso wa chuma, na hizo milimita 3 nazo zinasafiriwa kwa mwendo uleule wa kukata. L ni 243. Kama shafti ingekuwa nyoofu bila bega, angeongeza tena milimita mbili tatu upande wa pili ili kisu kitoke kabisa. Hapa kuna bega, na kisu lazima kisimame mbele yake. Milimita ya mwisho fundi anaondoa mwendo wa mashine na kumalizia kwa mkono, polepole, akilitazama bega.

Namba ya pili ni n, na hii inaanzia mbali kidogo. Kisu cha feleji ya kasi ya juu kinapokata chuma laini kinavumilia uso unaopita mbele yake kwa takriban mita 30 kwa dakika. Ukizidisha sana, ncha inapata joto na kulainika. Mzingo wa pao la milimita 50 ni karibu milimita 157, kwa hiyo mita 30, yaani milimita 30,000, zikigawanywa kwa 157 zinatoa mizunguko 191 kwa dakika. Lakini mashine yenye giaboksi haina 191. Mashine ninayoizungumzia ina 180, na juu yake 230. Fundi anachagua ya chini, 180, na ni hiyo 180 inayoingia kwenye hesabu. Anayeandika 191 kwa sababu ndiyo iliyotoka kwenye karatasi anapima muda wa mashine ambayo hana.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulitafuta bila kuliona: kipenyo hakimo kwenye kanuni ya muda. Kimeshafanya kazi yake kilipochagua n. Hata kina cha kukata hakimo. Kisu kikila nusu milimita au milimita moja na nusu, kwa f na n zilezile, safari inachukua muda uleule. Kina kinaamua kisu kitapita mara ngapi, si kila mpito utachukua muda gani.

Namba ya tatu, f, inashikwa na meno ya gia. Kigari kinachobeba kisu kinaendeshwa na mzunguko uleule wa chuma kupitia gia, ufungamano ambao Mwingereza Henry Maudslay aliupa umbo thabiti kwenye mashine yake ya kukata nyuzi za skrubu mwishoni mwa karne ya 18. Kwa mpito wa kupunguza fundi anaweka mkono wa gia kwenye 0.2, yaani kila chuma kikizunguka mara moja, kisu kinasogea sehemu mbili za kumi za milimita.

Sasa hesabu inaenda yenyewe. 0.2 mara 180 ni milimita 36 kwa dakika. 243 gawanya kwa 36 ni 6.75. Na hapo wengi huteleza, kwa kusoma dakika 6 na sekunde 75. Hizo 0.75 ni robo tatu ya dakika, yaani sekunde 45. Kisu kitapita kwa dakika 6 na sekunde 45.

Fundi haachi namba hiyo ikae kwenye ubao tu. Mpito wa kwanza ukianza, anaweka alama kwenye kitanda cha mashine mahali kigari kilipo, anatazama saa dakika moja nzima, kisha anapima. Akikuta milimita 36, amani. Tuseme amekuta 33. Kitu fulani si kama alivyofikiri, na kwa mwendo huo mpito utachukua dakika 7 na sekunde 22. Lakini ni n iliyopungua, au ni f?

Ili kujua, anaizima mashine kabisa, anakirudisha kisu nje ya chuma, anaacha mwendo wa kigari ukiwa umeshikwa, na kuzungusha chuma kwa mkono mara 10. Kabla ya kuanza kuhesabu anazungusha kidogo ili kumaliza ulegevu wa gia, kisha anaiweka saa ya kupimia kwenye sifuri. Mizunguko 10 lazima itoe milimita 2 kamili. Ikitoa pungufu, gia zimefungwa vibaya au mkono umeshika nafasi isiyo yake. Ikitoa 2, f ni ya kweli kwa upande wa gia, na mtuhumiwa wa kwanza ni n: ukanda wa mota unateleza chuma kikianza kuliwa, na 180 imeshuka hadi 165. Kwa kuwa gia zinashika f, kisu bado kinakata unene uleule kila mzunguko, na uso unatoka sawa. Kinachopotea ni muda. Ndiyo maana ukanda unaoteleza kidogo unaweza kukaa miezi bila kugunduliwa na mtu asiyepima.

Mwenye haraka atauliza kwa nini f isiwekwe 0.4, mpito uishe kwa nusu ya muda. Jibu liko kwenye uso wa chuma. Kisu kinaacha matuta madogo kama jembe linavyoacha shambani, na urefu wa tuta unakaribiana na f mara f, kugawanywa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha mviringo wa ncha ya kisu. Kwa ncha yenye nusu kipenyo cha milimita 0.8, f ya 0.2 inatoa matuta ya karibu sehemu sita za elfu za milimita. F ya 0.4 inatoa sehemu 25 za elfu. Muda umepungua mara mbili, matuta yamekua mara nne. Kwa mpito wa kupunguza unaweza kuvumilia, iwapo mashine na kisu vinabeba mzigo huo. Penye kiti cha beringi huwezi, kwa sababu beringi inakalia vilele vya matuta, na vilele vikisagika shafti inakuwa nyembamba kuliko ulivyoipima.

Basi fundi anapanga hivi. Mipito mitatu ya kupunguza, kila mmoja ukila milimita moja na nusu kwa kina: kutoka 50 hadi 47, hadi 44, hadi 41. Kipenyo kinapungua, lakini hata kwenye 44 mizunguko inayofaa ni 217, bado haijafika 230, kwa hiyo mkono unabaki 180 na kila mpito ni dakika 6 na sekunde 45. Kwenye 41 mizunguko inayofaa imefika 233. Anapandisha gia hadi 230, anashusha f hadi 0.1 ili uso utoke laini, na 243 gawanya kwa 23 inatoa karibu dakika 10 na sekunde 34. Jumla ya kukata ni takriban dakika 31.

Muda wote huo macho yake yako kwenye vinyuzi vya chuma vinavyotoka. Vikiwa na rangi ya fedha au manjano kidogo, kisu hiki kiko salama. Vikianza kuwa bluu, joto limezidi, na lazima mizunguko ipungue au maji ya kupoza yaongezwe. Akishusha mizunguko, anarudi ubaoni, kwa kuwa n imebadilika na jibu la zamani halifai tena.

Mwenye kinu haambiwi dakika 31. Kanuni inahesabu kisu kinapotembea na kukata tu. Haihesabu kukata pao kwa urefu, kulinyoosha kati ya chaki inayolishika na mkia wa mashine, kurudisha kigari mwanzo baada ya kila mpito, kunoa kisu, wala kupima kwa mikromita kabla ya mpito wa mwisho. Kazi hizo fundi anazijua kwa mazoea, na anaziongeza juu ya zile dakika 31 anazozijua kwa hesabu, ndipo anamwambia mzee aende akanywe chai arudi baada ya saa mbili. Na kwenye daftari lake, mkabala na gia ya 180, anaandika milimita alizozipima kwa dakika siku hiyo. Shafti ijayo ataihesabu kwa namba hiyo, si kwa iliyochongwa kwenye kibati cha mashine.