Hoja Nzuri, Mdomo Mbaya: Mwisho wa Vuta N'kuvute Ulivyomwagwa Biharamulo

Mchambuzi aliyepewa kipaza sauti bwaloni Biharamulo alikuwa na hoja nzuri kuliko wote waliozungumza jioni ile, na akaiua mwenyewe kwa sentensi moja. Jina lake silitaji. Mliokuwepo mnamjua, na wasiokuwepo hawamhitaji. Ninachotaka kukipitia ni ile sentensi yenyewe, maana kukataa mwisho wa filamu ni haki ya kila mtazamaji, lakini kuna namna ya kuukataa, na yeye hakuifuata.

Hali mnaikumbuka. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, filamu ya mwaka 2021, ilionyeshwa Biharamulo Jumamosi, na projekta ileile ilikuwa iende Ngara Jumamosi inayofuata. Wenzetu wa Ngara waliokuja kuchukua mitambo walifika filamu imeshaisha, wakakaa nyuma kusikiliza mjadala. Mwongoza mjadala aliwatambulisha na kuwakaribisha kwa makofi, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba hakujua kuna watu hawajaona. Kazi nyingine zote zilikuwa safi: sauti ilisikika, muda ulilindwa, na maswali ya wanafunzi wa kidato cha sita yalizidi ya walimu wao.

Kisha akasimama yeye. Alianza vizuri: "Mimi mwisho siukubali." Hapo hakuna kosa. Aliyekaa nyuma amejua kitu kimoja tu, kwamba kuna mtu hakuridhika. Lakini badala ya kueleza kwa nini, akaeleza nini. Akataja jina la mhusika, akaweka "alikuwa" mbele yake, akasema kilichompata, kisha akamalizia kwa kuufananisha mwisho huo na muvi nyingine ambayo kila mtu ameiona. Wa Ngara wakatazamana. Mmoja akafunga daftari. Kwa mwendo wa simu za siku hizi, nina hakika sentensi ile ilifika Benaco kabla projekta haijapita Lusahunga.

Tuichambue kipande kwa kipande, maana hata angenyamaza kuhusu tukio lenyewe, bado angekuwa amemwaga mtama.

Kipande cha kwanza ni jina. Filamu hii inabebwa na watu wachache: Yasmin, Denge, Mwajuma, na Raza, yule mume aliyemzidi Yasmin umri kwa mbali. Ukitaja mmoja wao kwenye pumzi moja na neno "mwisho", umemwambia msikilizaji amkodolee nani macho. Kuanzia hapo kila mhusika huyo anapofungua mlango, mtazamaji hamwangalii tena, anamsubiri. Angesema "mhusika mmoja" angekuwa amebaki salama. Tena sisi tuna bahati ambayo wengine hawana: kwa Kiswahili ukisema "aliamua" hujafichua kama ni mwanamke au mwanamume.

Ila bahati hiyo ina mtego wake, na ndicho kipande cha pili. Vitenzi vyetu havifichi idadi wala wakati. Sema "wamebaki", na asiyeona ameshajua kwamba angalau wawili wapo mpaka mwisho. Sema "amebaki", na ameanza kuhesabu waliotoweka. Sema "alikuwa mpiganaji" pale ambapo ungeweza kusema "ni mpiganaji", na kichwani mwa msikilizaji tayari kuna matanga. Mchambuzi wetu alisema "alikuwa". Mwenye sikio hakuhitaji maneno yaliyofuata. Kanuni ya kazi ni rahisi: unapojadili filamu mbele ya wasioiona, wahusika wote wazungumzie kwa wakati uliopo, wote wabaki hai mdomoni mwako na wote wabaki pale walipokuwa katikati ya hadithi.

Kipande cha tatu ndicho kilichonikera zaidi, ule mfano. Watu hudhani kufananisha ni njia ya adabu ya kusema bila kusema. Ni kinyume chake. Ukisema mwisho wa filamu hii ni kama wa filamu ile, aliyeiona ile amepewa mwisho wote mzima, na ambaye hajaiona ile ameharibiwa mbili kwa nauli ya moja.

Sasa hoja yake ilikuwa nini hasa? Niliielewa, na ndiyo maana nina hasira. Alikuwa anadai kwamba mwisho haukulipa deni la mwanzo. Hoja hiyo inasemeka bila kugusa dakika hata moja ya mwisho. Mwanzoni Yasmin anaondoka kwa Raza, mume ambaye aliozeshwa kwake. Hilo ni jambo la wazi. Linasimuliwa hata kwenye matangazo ya filamu. Basi angesema hivi: "Filamu inatufundisha mapema kwamba Yasmin anapoamua, hubeba gharama ya uamuzi wake mwenyewe. Mimi naona mwisho haulingani na uzito wa uamuzi ule wa kwanza."

Liangalieni neno "haulingani". Halisemi kama mwisho ni mzito mno au mwepesi mno. Halisemi kama Yasmin yupo au hayupo kwenye tukio la mwisho. Aliyeona filamu anajua mara moja unazungumzia nini, na anaweza kukujibu: "Unalingana, ila umeutafuta kwa Yasmin wakati uko kwa Mwajuma." Ubishi umeanza, tena mkali, na wa Ngara nyuma kule bado hana alichoibiwa. Amepewa swali la kuingia nalo ukumbini: je, mwisho utalingana?

Kama huna hakika na sentensi yako, ipime. Mnong'oneze mtu asiyeona, umwombe akisie kilichotokea. Akikupa makisio matatu yanayogongana, endelea. Akikupa moja kwa kujiamini, kaa chini. Makanusho huanguka kwenye kipimo hiki kila siku. "Simaanishi kwamba ameuawa" ni sentensi ya mtu anayejiona mwangalifu, kumbe ameondoa kifo mezani au amekileta, kutegemea sura aliyoivaa akisema.

Kuna waliomtetea kwa kusema kitabu kimetoka zamani. Kweli, riwaya ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999 na imesomeshwa kidato cha tano na sita, kwa hiyo nusu ya bwalo ilikuwa na kitabu kichwani. Lakini utetezi huu haushiki. Aliyesoma kitabu hajui mwongozaji ameamua nini kukibakiza na nini kukiacha, na hilo ndilo lililompeleka ukumbini. Ukimwambia "wameufuata" umemwaga mwisho mzima. Ukimwambia "wameubadilisha" umemwondolea mwisho pekee aliokuwa akiutarajia. Kwa msomaji wa riwaya, maneno hayo mawili ndiyo ya kufungiwa kuliko yote.

Nimewahi kuandika, na nitaandika tena, kwamba ugonjwa huu tuliupata kwenye VCD. Enzi za Bongo Movie kukatwa Part 1 na Part 2, nusu ya kwanza ilikoma pale pale moyo unapodunda, na wewe huna hela ya diski ya pili. Ukitoka nje unamkuta jirani aliyeinunua, naye anakusimulia yote akidhani anakupa sadaka. Tukakua tunaamini kwamba kumpa mtu mwisho ni ukarimu. Na vibanda umiza vikatufundisha kwamba stelingi hafi, basi mwisho una siri gani?

Lakini vibandani humohumo kulikuwa na mabingwa. Lufufu, yaani Derek Mukandala, alitafsiri muvi za kigeni kwa Kiswahili akizungumza juu ya picha. Mtu wa kazi hiyo anajua filamu nzima wakati watazamaji wanajua dakika wanayoiona tu, na bado lazima aseme muda wote. Alikupa majina, akakupa utani, akakutambulisha adui, na ukabaki na hamu ya kujua zamu ya nani inafuata. Mpe Lufufu kipaza sauti kile cha Biharamulo: angeuponda mwisho kwa robo saa na wa Ngara wangetoka wanakimbilia tiketi. Alfred Hitchcock naye, mwaka 1960, aliagiza kumbi zisimwingize mtu *Psycho* ikishaanza. Hao walijua kwamba mpangilio wa kujua ni sehemu ya filamu kama taa na kamera.

Nikiri kuna pingamizi moja lenye uzito. Zipo filamu ambazo kasoro ya mwisho ni ya kimaadili, na haisemeki bila kutaja tukio. Million Dollar Baby ya Clint Eastwood, iliyotoka Desemba 2004, ilizua kisa hicho hicho. Watetezi wa kundi fulani la watu waliupinga mwisho wake hadharani, na silitaji kundi kwa sababu jina lao peke yake linatosha kuifumua filamu. Walikuwa na haki ya kupinga. Wapo pia watangazaji wa Marekani walioumwaga mwisho kwa sababu tu hawakuupenda, na mhakiki Roger Ebert aliwaandikia mapema 2005 kwamba mhakiki hana haki ya kumharibia mtazamaji. Nami niko na Ebert. Hoja isiyosemeka bila tukio inatafutiwa chumba cha walioona, haitupwi katikati ya mchanganyiko.

Na hapa mwongoza mjadala anabeba sehemu yake, ingawa ndogo. Alipowatambulisha wageni alipaswa kuugawa mjadala palepale. Kipindi cha kwanza kiwe cha wote, na mpaka uwekwe: kila kitu cha nusu saa ya kwanza ni ruksa kukitaja, kinachofuata ni marufuku. Kipindi cha pili wasioona watoke wakanywe chai, mlango ufungwe, na hapo kila mtu amtaje amtakaye na kilichompata. Haigharimu kitu zaidi ya birika.

Hukumu yangu ni ileile. Mwisho ule unabishika, na mchambuzi yule ndiye aliyeuona udhaifu wake mapema kuliko wote. Ila aliyetakiwa kushawishiwa alikuwa yule wa safu ya nyuma, na huyo alipoteza filamu kabla hajaisikia hoja. Ngara, Jumamosi mkishawasha projekta, gaweni mjadala mara mbili, na kipaza sauti cha kipindi cha kwanza msimpe mtu mpaka awaonyeshe sentensi yake ya kwanza kwenye karatasi.