Jina la Ukoo kama Kipimo cha Uhamaji: Ulinganishi wa Peponi na Vuta n'Kuvute

Wahakiki wengi wanapojadili uhamaji katika riwaya za pwani ya Afrika Mashariki huanza na safari: merikebu, reli, msafara wa bara. Makala hii inaanza na maneno ya ujamaa ambayo wahusika huitana, kwa hoja kwamba katika riwaya mbili zinazolinganishwa hapa, swali la nani ni wa mahali gani huamuliwa na majina hayo kuliko umbali uliosafiriwa. Riwaya hizo ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, na Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi (1999).

Yusuf wa Peponi ana umri wa miaka kumi na miwili anapoondolewa Kawa. Baba yake, mwenye hoteli iliyodorora, ana deni kwa tajiri Aziz, na mtoto ndiye anayelilipa. Mvulana hajui hivyo. Anachojua ni kwamba mgeni huyu, ambaye kila ajapo humpa sarafu ya anna kumi, ni ndugu wa wazazi wake, na kusafiri naye kwa gari moshi hadi pwani ni kama ziara. Hapa matini ya Kiingereza ina faida ya ajabu, kwani lugha hiyo ina neno moja tu kwa ami na kwa mjomba. Mzungumzaji wa Kiswahili hulazimika kutaja upande wa baba au wa mama. Kwa Kiingereza jina la ukoo linaweza kuelea bila nasaba yoyote, na ndivyo linavyoelea katika kinywa cha Yusuf.

Anayelishusha ni Khalil, kijana aliyewekwa rehani kabla yake na anayesimamia duka la tajiri. Khalil anamwambia waziwazi kwamba yule si ndugu yake hata kidogo, amwite Seyyid. Anamdhihaki pia kwa kumwita kifa urongo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo Yusuf anapohama kwa kweli. Treni ilimbadilishia mji tu, lakini sahihisho la Khalil linambadilishia hadhi, kutoka mtoto wa watu hadi mali ya mtu. Safari ndefu ya bara, pamoja na masaibu ya msafara mikononi mwa Chatu, haiongezi jambo kubwa juu ya hili, ingawa ndiyo iliyovutia uhakiki zaidi.

Katika Vuta n'Kuvute mwelekeo umegeuzwa. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja mwenye umri wa miaka kumi na mitano, anaozwa kwa Raza, mwanamume anayetosha kuwa baba yake. Naye pia ametolewa na wazazi bila kuulizwa. Lakini anapomkimbia mume huyo na kurudi Unguja, jamaa zake wa damu wanamkataa. Majina ya ujamaa ni ya kweli, nasaba ipo, na bado mlango umefungwa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika wa Ng'ambo, na udugu wao unajengwa kwa chumba kimoja, chakula kimoja na ngoma zinazochezwa pamoja.

Jina la mtaa huo lina uzito wake. Ng'ambo ni upande wa pili wa iliyokuwa hori ya Darajani, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka Mji Mkongwe. Hata hivyo, katika Unguja ya kikoloni iliyogawa watu kwa asili zao, mwendo huo mfupi unamgharimu Yasmin jamii nzima. Alipopelekwa Mombasa na Raza alivuka bahari lakini hakutoka katika ulimwengu wa nyumbani kwao.

Ulinganishi huu hauna budi kugusa udhaifu wa Shafi. Mwajuma anapokea kwa wepesi mno. Riwaya haiulizi inamgharimu nini kumtunza mtoro wa jamii nyingine, wala haimpi nafasi ya kuchoka au kuhasirika. Khalil, aliye katika nafasi inayofanana na yake, anatoza malipo: kejeli, amri, maringo ya aliyetangulia. Udugu wake na Yusuf unachelewa, na kwa hiyo unasadikika zaidi. Shafi anaandika akiwa na azma ya kisiasa, kuonyesha umoja wa wanyonge dhidi ya ukoloni, na Mwajuma anabebeshwa azma hiyo kuliko anavyoruhusiwa kuwa mtu.

Gurnah naye hana mlango wa kumfungulia mhusika wake. Mzee Hamdani, mtunza bustani, aliukataa uhuru alipopewa, akiona kwamba aliyempa hakuwa na mamlaka ya kuumiliki kwanza. Yusuf anashindwa kuufikia msimamo huo. Katika ukurasa wa mwisho, askari wa Wajerumani wanapoondoka na watu waliowakamata, anasikia nyuma yake kishindo kama cha milango ya bustani ikikomewa, na anaukimbilia msafara ule. Hakuna aliyemwita, na huko aendako hakuna jina la ujamaa linalomngoja, la kweli wala la uongo.