Bodi Mpya, Diski Imegoma: Ufunguo wa BitLocker Uko kwa Nani?

Laptopu ililetwa mezani kwangu imeviringishwa kwenye kanga. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu kutoka Morogoro. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na saketi ya kuchajia kwenye mazabodi ikaungua. Fundi wa kwanza alitafuta bodi ya modeli ile ile, akaifunga na kurudisha diski ya zamani mahali pake. Kazi yenyewe aliifanya vizuri, sikuona skrubu hata moja iliyolegea. Lakini mashine ilipowaka, badala ya Windows ilikuja skrini ya bluu inayodai tarakimu 48. Fundi akamwambia diski imekufa, aifute aweke Windows upya.

“Mwanangu, humo ndani kuna ukoo wetu vizazi saba, nimeuandika miaka minne,” aliniambia. “Sifuti.”

Alifanya vyema kukataa, kwa sababu diski haikuwa imekufa wala haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa inafanya kazi iliyopewa, yaani kutomfungukia mtu isiyemjua, na kwa hesabu zake bodi mpya ni mtu isiyemjua.

Mambo huenda hivi. BitLocker husimba kila kitu kilichomo kwenye diski kwa ufunguo mmoja. Ufunguo huo hufungiwa ndani ya ufunguo wa pili, na huo wa pili ndio wenye milango ya kuufikia. Mlango wa kila siku ni TPM, chipu ya usalama ambayo kwenye laptopu nyingi imo ndani ya bodi au ndani ya prosesa iliyochomelewa kwenye bodi. Mashine ikiwashwa, TPM hupima namna inavyoamka. Ikikuta vipimo ni vilevile vya siku ufunguo ulipofungwa, huuachia kimyakimya na mtumiaji hajui kama kulikuwa na kufuli. Ndiyo maana watu wengi hugundua kwamba diski yao imesimbwa siku ile tu inapokataa kufunguka.

Ukibadili bodi, umeleta TPM nyingine ambayo haijawahi kuupokea ufunguo ule, kwa hiyo haina cha kuachia. Kuongeza RAM au kubadili feni kwa kawaida hakusumbui. Kubadili bodi, kusafisha TPM kwenye BIOS, au kuhamishia diski kwenye mashine nyingine ndiko kunakoleta ile skrini ya bluu. Hapo hubaki mlango wa pili, ambao ni tarakimu 48.

Tarakimu hizo ziko wapi? Watu wengi huanza kwa kupekua madroo. Mimi huanza na swali jingine: nani alikuwa wa kwanza kuingia kwenye Windows hii kwa akaunti ya Microsoft?

Kwenye Windows Home, usimbaji hujiwasha wenyewe, lakini kufuli halifungwi hadi mtu mwenye mamlaka ya msimamizi aingie kwa akaunti ya Microsoft, au ya kazini au shuleni, na nakala ya ufunguo ipande kwenye akaunti hiyo. Kabla ya hapo data husimbwa, ila ufunguo huachwa wazi pembeni yake, sawa na mlango uliofungwa huku ufunguo ukining’inia kwenye kitasa. Kwa hiyo mashine ya Home ambayo kufuli lake lilijiwasha lenyewe, na sasa inadai tarakimu, imeshatoa ushahidi kwamba nakala ilipelekwa mahali. Mwenye mashine akisema hajawahi kuhifadhi ufunguo wowote, husema kweli. Aliyeuhifadhi ni Windows, na huenda haikuwa kwenye akaunti yake.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu nilipiga picha skrini ya bluu. Chini ya kisanduku cha kuandikia huwa kuna mstari wa Recovery key ID. Huo si ufunguo bali ni jina la ufunguo, na herufi nane za mwanzo zinatosha kuutambua. Wa Mwalimu ulianza na `5F2A9C31`. Tulifungua ukurasa huu kwenye simu yake:

```
https://account.microsoft.com/devices/recoverykey
```

Baada ya kuingia kwa baruapepe yake, ufunguo mmoja ulitokea, naye akapiga makofi. Nikamwomba asubiri. Jina la ufunguo ule halikuanza na `5F2A9C31`, na tarehe ya kupakiwa ilikuwa ya mwaka 2021. Nikamuuliza kama Windows iliwahi kuwekwa upya tangu hapo. Alifikiri kidogo, akasema mpwa wake wa Dodoma aliiweka Windows 11 mwaka 2024, alipokuja likizo.

Fumbo likafumbuka. Windows ikiwekwa upya na diski ikasimbwa upya, ufunguo wa zamani hubaki kwenye akaunti kama risiti ya nyumba iliyokwisha kubomolewa. Watu huuandika mara tatu, mara nne, wakikataliwa husema Microsoft imewapa ufunguo mbovu. Linganisha herufi nane kwanza. Zisipofanana, usijisumbue kuandika.

Tukampigia simu mpwa, akiwa kazini. Alikumbuka kwamba wakati wa kuweka Windows mashine ilidai akaunti, na kwa kuwa shangazi alikuwa jikoni akaingia kwa akaunti yake mwenyewe, kisha akamtengenezea shangazi mlango wake wa kuingilia. Hakuna ubaya alioufanya. Karibu kila familia yenye kijana mmoja anayejua kompyuta imefanya hivyo. Kwenye ukurasa wake alikuta funguo nne, mashine zote zikiwa na majina yanayoanza na DESKTOP, hakuna aijuaye ipi ni ipi. Ule ulioanza na `5F2A9C31` ulikuwa wa tatu. Pembeni yake paliandikwa OSV, alama ya diski yenye mfumo wenyewe. FDV ingekuwa diski nyingine ya ndani, na RDV flashi au diski ya kuchomeka.

Akaanza kunisomea kwenye simu huku mtandao unakatika, nami nikaandika. Skrini ikakataa.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wachache hulitumia. Tarakimu 48 zimegawanywa katika mafungu manane ya tarakimu sita, na kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Tena hakuna fungu linalozidi 720885. Kwa hiyo ukiona fungu linaloanza na 8 au 9, jua limeandikwa vibaya. Nilichukua kikokotoo. Fungu la tano nililoandika lilikuwa 415372, na ukiligawa kwa 11 linabakiza 1. Nikampigia tena mpwa na kumwomba alirudie hilo moja tu. Ni 415272, ambalo ukiligawa kwa 11 unapata 37752 kamili. Kosa la tarakimu moja ndani ya fungu halipiti kwenye mtihani huu, wala tarakimu mbili za jirani zilizobadilishana nafasi. Ukipokea ufunguo ulioandikwa kwa mkono, pima mafungu yote manane kabla ya kumlaumu mtu. Afadhali zaidi, omba picha ya skrini.

Windows ikafunguka, na ukoo wa vizazi saba ulikuwa mahali pake. Mwalimu hakupiga makofi safari hii, alikaa tu akisoma majina.

Kazi haikuishia hapo, kwani TPM mpya ilikuwa bado haijakabidhiwa ufunguo, na mashine ingeweza kudai tarakimu tena kila inapowashwa. Dawa ni kusimamisha ulinzi kisha kuurudisha, ukiwa umefungua Command Prompt kama msimamizi:

```
manage-bde -protectors -disable C:
manage-bde -protectors -enable C:
```

Kisha zima, washa, uone kama inapita bila kuuliza. Nilimwonyesha pia amri ya kuuona ufunguo wake mwenyewe wakati mashine iko wazi, akaunakili:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Tuseme mpwa asingepatikana. Kulikuwa na njia nyingine, nayo ilikuwa kwenye boksi la takataka la fundi wa kwanza. Bodi ya zamani iliungua saketi ya kuchajia, lakini TPM yake ilikuwa nzima na bado imeushika ufunguo. Fundi mzuri wa bodi angeweza kuifufua walau kwa saa moja, diski ikarudishwa juu yake, na Windows ikafunguka bila kudai chochote, mradi mipangilio ya BIOS haijaguswa. Nilikuwa nimeshampigia simu fundi wa kwanza asiitupe. Jirani wa jambo hili ni kompyuta za mezani zenye prosesa za AMD. Ukibadili prosesa, mashine huweza kukuuliza kama ufute kumbukumbu za fTPM, na watu hubonyeza Y bila kusoma. Bonyeza N, kwani ukirudisha prosesa ya zamani utakuta ufunguo upo.

Windows Pro ina hadithi tofauti kidogo, maana mtu huweza kuwasha BitLocker kwa mkono na kuchagua pa kuweka nakala: akaunti, faili kwenye flashi, au karatasi. Faili huwa na jina linaloanza na BitLocker Recovery Key, ikifuatiwa na jina la ufunguo. Windows hukataa kuliweka faili hilo kwenye diski inayosimbwa, lakini mtu akichagua kuchapisha kisha akachapisha kwa PDF, humwachia aliweke kwenye Documents. Hapo ufunguo umefungiwa ndani ya chumba chake. Mashine ya ofisi au shule huwa ufunguo wake uko kwa idara ya kompyuta, kwenye Entra ID au Active Directory, na mtumiaji akiwapa zile herufi nane wataupata. Laptopu ya mtumba iliyokuja bado na akaunti ya mwenyewe wa kwanza ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu ufunguo uko kwa mtu usiyemjua.

Milango yote ikigoma, Microsoft haiwezi kukutengenezea ufunguo mwingine, na programu zinazouzwa kwa ahadi hiyo hazivunji BitLocker. Hapo ndipo kufuta kunapokuwa na maana, si siku ya kwanza.

Kwa mafundi wenzangu nina ombi. Mashine ikija bado inawaka, simamisha ulinzi kabla ya kushika bisibisi, na weka sifuri mwishoni ili usijirudishe katikati ya kazi:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0
```

Ikija imekufa, mwambie mteja mapema kwamba bodi mpya itadai tarakimu, na muulize nani aliyeiweka Windows yake. Na bodi ya zamani usiiuze chakavu: itie kwenye mfuko, umkabidhi mwenyewe pamoja na laptopu yake.