Deni la Sentensi ya Kwanza

Video nyingi za kusimuliwa kwenye YouTube, zile za historia, uhalifu na kampuni zilizofilisika, anayesoma siye aliyeandika. Mwenye chaneli yuko ng'ambo, sauti ni ya mtu mwingine, picha zimepangwa na mwingine tena, na maneno yenyewe yametungwa katika bedsita ya Uthiru, kando ya Waiyaki Way, makanga wakiita abiria wa Kangemi na Kinoo. Jina la mwandishi halitajwi. Mimi ni mmoja wao, na kazi hii naipenda kuliko inavyonilipa.

Mteja mmoja aliniagiza skripti ya dakika kumi kuhusu simba wa Tsavo. Hayo ni kama maneno 1,500 ya Kiingereza, kwa kuwa msimulizi asiyekimbia husoma takriban 150 kwa dakika. Kichwa alikuwa nacho tayari: simba wawili waliokula watu 135.

Nikaanza na kitabu cha Patterson, yule aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli huko Tsavo mwaka 1898 na kuwaua simba hao mwezi Desemba. Katika kitabu hicho cha 1907 anataja vibarua 28 wa Kihindi, na Waafrika wengi ambao hakuna aliyeandika idadi yao. Ile 135 aliitoa baadaye, ngozi zikiwa zimeshauzwa mwaka 1924 kwa Makumbusho ya Field ya Chicago kwa dola 5,000. Kisha mwaka 2009 watafiti wakachapisha vipimo vya nywele na mifupa ya simba hao, wakakadiria kwamba walikula watu kama 35.

Mwandishi mvivu angechukua namba kubwa akaendelea. Mimi niliona kwamba ugomvi wa namba ndio ndoano yenyewe. Nikaandika hivi: simba wawili, daraja moja, aliyewaua alitoa hesabu moja, akazeeka akatoa nyingine, na mifupa ya simba ikatoa ya tatu. Hapo mtazamaji ana swali asiloweza kuondoka nalo, nami nina deni. Kila sentensi ya kwanza ni mkopo, na skripti iliyobaki ni kuulipa.

Nao haulipwi wote kwa mkupuo. Ukitoa jibu dakika ya pili, watu wanaondoka. Ukiwanyima hadi mwisho bila kuwapa chochote njiani, wanaondoka pia. Kwa hiyo simba wa kwanza anakufa tarehe 9, kambi inashusha pumzi, lakini wa pili bado yuko nje hadi tarehe 29. Hiyo "lakini" ndiyo inayosukuma. Skripti inayounganishwa kwa "na kisha, na kisha" hulala katikati hata kama kila taarifa ni ya kweli. Jibu likaja dakika ya nane: mifupa hupima walioliwa, si wote waliouawa, na daftari la vibarua lilihesabu wale tu walioandikwa humo. Mteja akakubali kichwa kigeuke swali: simba wa Tsavo walikula watu wangapi?

Video ikishapanda, naomba picha ya grafu ya watazamaji, mstari unaoonyesha ni wangapi wamebaki kila sekunde. Ukiporomoka ndani ya nusu dakika ya kwanza, mara nyingi kichwa kiliahidi kitu ambacho mwanzo haukukigusa. Ukididimia polepole katikati, natafuta aya niliyoipenda mno. (Mara nyingi huwa ni ile yenye tarehe nyingi.)

Sasa malipo. Wengi wetu hulipwa kwa neno. Tuseme ni senti 3 za dola: skripti ya maneno 1,500 inaleta dola 45, kabla ya makato ya jukwaa na ya kuzivusha fedha hadi M-Pesa. Ubaya wa mpango huu ni kwamba unanunua mafuta, ilhali ufundi wenyewe ni kuyakata. Ndoano yangu ya Tsavo haifiki maneno arobaini, ila ilinigharimu muda mwingi kuliko dakika tatu zilizoifuata. Wengine hulipa kwa dakika ya video iliyokamilika, na tatizo ni lilelile. Mimi siku hizi nataja bei ya skripti nzima, utafiti ukiwa ndani, masahihisho mawili, nusu ya fedha kabla sijaanza. Anayesema atalipa video ikishapata watazamaji namuaga kwa heshima. Wa kwanza kunishawishi hivyo bado hajalipa.

Mteja wa simba amerudi. Anataka reli yenyewe, Mombasa hadi Kisumu ilikofika 1901, dakika kumi na mbili, na anataka ianze na simba. Nimemjibu kwamba deni la simba lilishalipwa.