Mdomo wa Ndoo: Maji Safi Yanavyochafukia Nyumbani

Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, wakimbizi kutoka Msumbiji walikuwa wameshapigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Lawama ya kwanza katika hali kama hiyo huangukia kisima. Lakini maji ya visima vya kambi yalipopimwa, yalikutwa hayana bakteria wa kinyesi au yanao wachache sana. Uchafu ulikuwa ukiingia baadaye, na ulianza mapema kuliko wengi tungedhani: karibu mara tu mtekaji alipoanza kujaza ndoo yake, kabla hata hajaitwisha. Yaliyofika nyumbani hayakuwa tena maji yaliyotoka kisimani.

Watafiti waliofanya kazi kambini hapo waliamua kujaribu jambo moja tu, nalo ni chombo. Walifuatilia kaya 400 kwa miezi minne. Robo ya kaya hizo, zilizochaguliwa kwa kura, zilipewa ndoo ya lita 20 iliyobadilishwa umbo: juu imefunikwa, na maji hutoka kwa kumiminwa kupitia mdomo mdogo. Kaya nyingine ziliendelea na ndoo zao za kawaida. Kisima kilikuwa kile kile na maisha ya kambi yale yale. Kilichotofautiana ni nafasi ya mkono kuingia majini.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2001, yanastahili kusomwa kwa makini. Katika kaya zenye ndoo mpya, wastani wa bakteria wa kinyesi kwenye maji ya nyumbani ulikuwa chini kwa asilimia 69. Kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulikuwa chini kwa asilimia 31, ingawa kitakwimu tofauti hiyo ya pili ilikosa kidogo tu kufikia kiwango ambacho watafiti hukikubali bila shaka. Tusisahau pia kwamba kupungua kwa asilimia 69 si kuisha. Ndoo ilizuia sehemu kubwa ya uchafu mpya; haikuua wadudu waliokwisha kuingia, wala haikubadilisha hali ya choo. Watafiti hao hao waliona kwamba kinyesi kinachoonekana chooni na kuwepo kwa mifugo nyumbani viliendana na watoto kuhara zaidi.

Kwa nini mdomo wa chombo una nguvu kiasi hicho? Tazama ndoo pana jikoni, yenye kikombe kinachoelea ndani. Anayechota huzamisha kikombe na ncha za vidole pamoja. Akimaliza kunywa, kikombe kinawekwa mezani, kisha kinarudi majini na chochote kilichokigusa. Mtoto asiyefika hujivuta juu kwa kushika ukingo, na mkono wake unaingia hadi kifundoni. Kifuniko kipo, lakini huondolewa kila mtu anapotaka kunywa, mara nyingi kinawekwa chini kwa upande wa ndani, kisha kinarudishwa. Nyumba ya watu saba hurudia mambo hayo mara nyingi kwa siku, na kosa la mmoja hunywewa na wote. Kuwaambia watu wanawe kabla ya kuchota ni sawa, lakini ni kuomba uangalifu usiokatika wa kila mmoja, saa zote. Mdomo mwembamba hauombi uangalifu huo: mkono haupiti, basi.

Ndoo ya Nyamithuthu ilikuwa na faida nyingine isiyoonekana haraka. Chombo hicho hicho kilitumika kuteka na kuhifadhi, kwa hiyo maji hayakuhamishwa nyumbani kutoka ndoo hadi mtungi. Kila uhamisho huongeza ukingo mmoja, faneli moja na mikono miwili. Ukilazimika kuhamisha, mimina moja kwa moja, na usichote kwa bakuli.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli wa kiufundi. Mdomo unaozuia mkono kuchafua maji unauzuia pia kusugua ndani. Dumu la lita 20 la mafuta ya kupikia, ambalo nyumba nyingi hulitumia kwa maji, linalinda vizuri lakini haliingizi brashi. Baada ya muda, kwenye kona na chini ya mpini ndani, hujengeka utando mwembamba unaoteleza. Maji yanaweza kuonekana maangavu huku utando huo ukihifadhi bakteria, na kulisuuza dumu tu hakuung'oi. Dalili zake ni harufu ya uvundo ukinusa dumu tupu, ukijani ukilielekeza kwenye mwanga, au utelezi kidole kinapofika shingoni.

Utando huo huondoka kwa msuguano. Weka maji kidogo, sabuni ya maji na kokoto ndogo zilizooshwa, funga, tikisa kwa nguvu ukiligeuza dumu pande zote, mwaga, suuza. Kisha fuata klorini: chukua dawa ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji. Tikisa hadi iguse kila pembe, iache angalau nusu dakika, mwaga, suuza kwa maji yaliyotibiwa, ulikaushe likiwa limeinamishwa. Kifuniko kioshwe vilevile. Usianze na klorini kabla ya sabuni, kwani uchafu huimaliza nguvu. Na dumu lililowahi kubeba dawa za shambani, mafuta ya taa au petroli halioshwi likawa la maji ya kunywa.

Suluhisho linalokutanisha mahitaji yote mawili ni ndoo yenye kifuniko kinachobana na bomba upande wa chini. Kifuniko hufunguliwa siku ya kuosha tu, na mkono huingia kusugua. Siku nyingine zote maji hutoka kwa bomba. Toboa sentimita chache juu ya kitako ili mashapo yabaki chini, weka mpira wa kuzuia uvujaji ndani na nje, kisha kaza nati. Ndoo ikae juu ya kigoda imara ili kikombe kiingie chini ya bomba bila kuligusa. Udhaifu wake uko mahali pawili. Maji yaliyo chini ya tundu hayatoki kwa bomba, hivyo kuongeza maji mapya juu yake kila siku ni kuyachanganya na ya zamani. Inamisha ndoo uyamwage kwanza. Na mdomo wa bomba huguswa na kila mkono, kwa hiyo nao uoshwe.

Kunabaki kinga ya ndani. Maji yaliyochemshwa hayana chochote cha kupambana na uchafu mpya, na yakiguswa yamechafuka. Yaliyotiwa klorini kwa kipimo cha kwenye lebo hubaki na akiba, na kipima-klorini cha rangi kinapaswa kuonyesha angalau miligramu 0.2 kwa lita baada ya saa 24. Wafinyanzi wa Nyanza, magharibi mwa Kenya, waliwahi kutengeneza vyungu vya mdomo mwembamba, kifuniko na bomba kwa ajili hii hii, navyo hupoza maji vizuri. Lakini udongo hula klorini kuliko plastiki, kwa hiyo anayetumia chungu apime akiba mapema zaidi na asikae na maji hayo muda mrefu.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua bomba na ulifunge kwenye ndoo yenye kifuniko uliyonayo. Kama haitoshi hata hilo, tumia dumu na umimine. Kikombe kisirudi tena ndani ya maji ya kunywa.