Saa, Tarakimu na Ritifaa katika Nyaraka za Ngorongoro

Nyaraka zinazoandaliwa Karatu kwa ajili ya safari za Ngorongoro huenda mbili mbili: tangazo la lango, mkataba wa dereva, orodha ya ada na maelezo ya ramani huandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mara nyingi matini hizo mbili hukaa katika ukurasa mmoja, safu kwa safu. Anayezihariri hulazimika kuandaa mwongozo wa mtindo, yaani orodha ya maamuzi kuhusu alama za uakifishaji, herufi kubwa na namna ya kuandika namba, ambayo kila mwandishi wa ofisi huifuata. Ustadi wa kazi hiyo huonekana katika kujua ni wapi lugha hizo mbili zilazimishwe kufanana na ni wapi kufanana kwenyewe ndiko kosa.

Saa ndiyo mfano mkubwa wa kosa la aina hiyo. Lango la Loduare, ambalo wasafiri watokao Karatu hupitia, hufunguliwa alfajiri na kufungwa machweo. Safu ya Kiingereza husema 6:00 na 18:00, na safu ya Kiswahili husema saa 12:00 asubuhi na saa 12:00 jioni. Mhakiki aliyezoea kulinganisha tarakimu, au programu ya kompyuta inayofanya kazi hiyo kwa niaba yake, huona 6 upande mmoja na 12 upande wa pili, akadhani mfasiri amekosea, kisha akaandika "saa 6:00 asubuhi", maneno ambayo dereva hawezi kuyaelewa ila kwa kukisia, kwa kuwa saa 6 ni ya mchana, jua likiwa utosini, au ya usiku. Mwongozo mzuri hulieleza jambo hili kwa kanuni inayoweza kupimwa: saa ya Kiswahili na ya Kiingereza, zikihesabiwa kwa saa 12, hutofautiana kwa 6 daima, na dakika hulingana daima, hivyo 10:00 ya asubuhi ni saa 4:00 asubuhi, na 18:30 ni saa 12:30 jioni. Kwa kanuni hiyo ukaguzi hugeuka kinyume cha mazoea, kwani namba ya saa ikilingana katika safu zote mbili, papo hapo imejulikana kuwa upande mmoja umeharibika. Kanuni ya pili ni kwamba neno "saa" lisitangulie hesabu ya saa 24, kwa sababu "saa 18:00" si ya Kiswahili wala si ya Kiingereza, na kwamba kipindi cha siku, yaani asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisiachwe hata jedwali likiwa jembamba.

Usiku una ugumu wake. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili siku huanza jua linapotua, na ndiyo maana watu husema "usiku wa kuamkia Jumapili" kwa usiku ambao Kiingereza huuita wa Jumamosi. Lakini vijana wengi siku hizi husema "usiku wa Jumamosi" wakimaanisha usiku huohuo, na mzee aliyezoea hesabu ya zamani akaelewa usiku uliotangulia. Katika uthibitisho wa malazi tofauti hiyo ni kitanda kizima. Hapa mwongozo haufai kuchagua mshindi. Unafaa kukwepa maneno hayo yote na kutaja kuingia na kutoka kwa tarehe, kwa mfano kuingia Jumamosi 6 Julai 2024, kutoka Jumapili 7 Julai 2024, katika lugha zote mbili kwa mpangilio uleule wa siku, mwezi na mwaka. Mwezi uandikwe kwa jina, kwa kuwa 6/7/2024 mbele ya mgeni kutoka Marekani ni tarehe 7 Juni.

Namba nyingine huruhusu umoja mkubwa zaidi. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, lina ukubwa wa kilomita za mraba 8,292, na nyayo za Laetoli zina umri wa takriban miaka milioni 3.6; mkato unaotenga maelfu na nukta inayotenga desimali ni vilevile katika Kiswahili cha Tanzania na katika Kiingereza, na mwongozo hauna sababu ya kuvitenganisha, ingawa mgeni wa Kijerumani amezoea alama hizo zikiwa zimebadilishana kazi. Kinachotofautiana ni mahali pa kipimo, kwani Kiswahili hutanguliza kipimo na Kiingereza hukifuatisha. Mtu anayenakili namba pamoja na kipimo chake kutoka safu moja hadi nyingine hupata "8,292 kilomita", ambayo ni Kiingereza kilichovaa maneno ya Kiswahili.

Kwa fedha, tarakimu zina faida ambayo maneno hayana. "Shilingi elfu mia mbili na tano" yaweza kusomwa kuwa 200,005 au 205,000, na ingawa msikilizaji sokoni hutambua papo hapo ni kiasi gani kinachokusudiwa, mkataba hauna msikilizaji wa kuuliza. Kwa hiyo kiasi huandikwa kwa tarakimu kwanza, na maneno yakihitajika hupangwa upya, "shilingi laki mbili na elfu tano", ili shaka isibaki. Alama ya "/=" mwishoni mwa kiasi yafaa kubakizwa katika stakabadhi za Kiswahili, kwa kuwa huziba nafasi ambamo mtu angeweza kuongeza sifuri.

Ritifaa, ile alama ndogo iliyo katika ng'ombe na ng'ambo, ndiyo inayodai uangalifu kuliko zote, maana katika Kiswahili ni sehemu ya tahajia na katika Kiingereza hutumika pia kufungua na kufunga usemi. Ofisi inayofuata desturi ya Kiingereza cha Uingereza ya alama moja za usemi itajikuta imeandika 'ng'ombe', ambapo jicho hudhani usemi umefungwa baada ya herufi mbili. Suluhisho ni kutumia alama mbili za usemi katika lugha zote mbili, hata kama matini ya Kiingereza ingejitosheleza bila hilo. Yapo pia maumbo mawili ya ritifaa, iliyonyooka na iliyopinda, na kompyuta huweza kuyahesabu kuwa herufi tofauti: atafutaye Mang'ola, kata ya Karatu iliyo karibu na Ziwa Eyasi, kwa umbo moja huenda asilione jina lililoandikwa kwa umbo la pili. Umbo moja lichaguliwe, na lililonyooka ndilo rahisi kwa sababu ndilo lililo kwenye kibodi.

Jina hilohilo huharibika tena pale orodha ya vijiji inaposafishwa katika lahajedwali kwa fomula ya kuweka herufi kubwa:

```
=PROPER("mang'ola")
```

Matokeo yake ni Mang'Ola, kwa kuwa fomula hiyo huhesabu herufi inayofuata ritifaa kuwa mwanzo wa neno. Katika vichwa vya habari fomula hiyo huharibu zaidi, maana hukuza pia "ya", "la" na "kwa", maneno ambayo Kiswahili huyaacha kwa herufi ndogo: Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Majina ya makabila na lugha hukuzwa herufi ya kwanza ya neno zima pamoja na kiambishi chake, hivyo ni Wairaqw, Kiiraqw na Wamasai. Maandishi ya "kiIraqw" yanayoonekana katika baadhi ya tafiti hayana nafasi katika tangazo la umma, hata kama irabu mbili zinazofuatana hazipendezi machoni. Matini ya Kiingereza huacha kiambishi na kuandika Iraqw tu, na mwongozo unapaswa kuweka majina hayo katika orodha yenye safu mbili, pamoja na kata zote za wilaya, ili mwandishi mpya anakili kutoka hapo badala ya kukumbuka.